Mstari Unaojikunja Ukawa Duara

Chukua karatasi ya grafu, chora mstari wima unaopita kwenye 1. Kila nukta ya karatasi hiyo tuiandike kama namba changamano x + yi: x ni hatua za kwenda kulia, y ni za kupanda. Sasa kila nukta z ihamie mahali pa 1/z. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya x na y kwa x² + y², kisha geuza alama ya y.

Nukta 1 inabaki palepale. 1 + i inahamia 0.5 − 0.5i, na 1 + 2i inatua 0.2 − 0.4i. Kadiri unavyopanda mstarini, ndivyo nukta mpya inavyoisogelea sifuri bila kuigusa. Simika bikari kwenye 0.5, uipanue kwa 0.5, uzungushe: nukta zote mpya zimo juu ya duara hilo. Ni sifuri pekee iliyokosekana, na wanahisabati huiziba nafasi hiyo kwa kuupa mstari nukta moja ya ziada, iliyo mbali kusiko na mwisho.

Siri iko kwenye mlinganyo mmoja unaobeba mistari na maduara pamoja:

A(x² + y²) + Bx + Cy + D = 0

A ikiwa sifuri, ni mstari. Isipokuwa sifuri, ni duara. Ugawanye wote kwa x² + y², uandike nukta mpya kama u + vi, nao unakuwa:

D(u² + v²) + Bu − Cv + A = 0

A na D zimebadilishana viti, basi! D ni sifuri pale tu umbo linapopita kwenye sifuri. Kwa hiyo duara linalopita hapo hunyooka likawa mstari, na mstari usiopita hapo hujikunja. Mstari unaopita kwenye sifuri hubaki mstari.

Pembe nazo hazipotei. Ongeza mstari wa mlalo y = 1, unaokutana na ule wa kwanza kwenye 1 + i kwa pembe mraba. Wenyewe unakuwa duara lenye kitovu −0.5i. Maduara hayo mawili yanakatana kwenye 0.5 − 0.5i, na nusu kipenyo zao hapo, moja ya wima na nyingine ya mlalo, zinatengeneza pembe mraba ileile.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuhamisha kitovu na kudhani kazi imekwisha. Chukua duara lenye kitovu 2 na nusu kipenyo 1. Linaukata mstari wa mlalo wa x kwenye 1 na 3, ambazo zinakwenda 1 na 1/3. Kitovu kipya kiko katikati yao, 2/3, ilhali kitovu cha zamani kimeangukia 1/2. Hamisha ncha za kipenyo hicho, kitovu utakipata baadaye.