Kinu kinauzwa, na bei iko mwaka wa sita

Anayeuza kinu cha sembe huja na hesabu ya faida. Mnunuzi mzoefu huuliza jingine: kila mwaka naweza kutoa humu fedha kiasi gani bila kukidhoofisha kinu?

Tuchukue kinu cha mfano nchini Tanzania. Mwaka ujao faida yake kabla ya riba na kodi ni shilingi milioni 1,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, zinabaki 700. Uchakavu wa mashine, milioni 200, ulikatwa vitabuni tu bila fedha kutoka, basi tunaurudisha. Kisha tunatoa 250 za mashine mpya, na 150 zitakazolala ghalani kwenye magunia ya mahindi na mikononi mwa wauza jumla wanaokopa. Zimebaki milioni 500. Riba hatujaigusa kwa makusudi, maana fedha hizi ni za benki na wenye hisa kwa pamoja.

Benki inatoza asilimia 15, ila riba hupunguza kodi, hivyo deni linagharimu 10.5. Wenye hisa, wanaolipwa mwisho, wanataka 18. Deni likiwa asilimia 40 ya mtaji na hisa 60, wastani ni 15. Kwa kiwango hicho, shilingi 115 za mwakani ni 100 za leo.

Tuseme fedha hizo zinakua asilimia 5 kwa mwaka. Za miaka mitano ya kwanza, zikirudishwa kwenye thamani ya leo, ni milioni 1,827. Lakini kinu hakifungwi mwaka wa tano. Tunachukua fedha za mwaka wa sita, milioni 638, tunagawanya kwa 15 kutoa 5, yaani 0.10, tunapata 6,381. Hiyo ndiyo thamani ya mwisho; kwa leo ni 3,173. Jumla ni milioni 5,000. Toa deni la 2,000, wenye hisa wana 3,000.

Zaidi ya asilimia 60 ya bei, basi, imetoka kwenye miaka ambayo hakuna aliyeikadiria mmoja mmoja. Muuzaji anajua hilo. Akiandika ukuaji wa kudumu wa 7 badala ya 5, bei inapanda kwa takriban milioni 870, na hajaongeza hata jiwe moja la kusagia.

Ukuaji hulipiwa. Kinu chetu kinarudisha 200 kati ya zile 700 ili kikue kwa 5. Kwa faida ileile kwa kila shilingi iliyowekezwa, kukua kwa 7 kunadai 280. Ukizikata hizo, nyongeza ya 870 inasinyaa hadi kama 220. Kwa hiyo fungua safu ya mwaka wa mwisho kwenye jedwali la muuzaji. Ukikuta mashine mpya zinalingana na uchakavu, akiba ya mahindi haiongezeki, na bado ukuaji ni 7, rudisha karatasi.