Mama Mbahili au Mwekevu?

Kaka mtu alikuja juu siku ya kikao cha harusi ya binamu yao, hapa Tanga. Kadi ya mchango ilitaka 50,000, mama akatoa 20,000. "Mama yetu mkono wa birika, dada. Ametutia aibu."

Dada mtu alikuwa anachambua mchele. "Mdogo wangu, bahili ni mwenye nacho anayeogopa kukitumia hata kwa haja. Mchoyo ni anayekula peke yake. Mama ni yupi kati ya hao? Juzi kwenye msiba wa jirani alipeleka kilo kumi za unga kabla hajaombwa."

"Na zile sabuni je?" Mama yao hukusanya vipande vya sabuni vilivyokwisha, akavikandamiza hadi viwe mche mmoja. Mkaa ukibaki jikoni huuzima kwa maji, akauanika juu ya bati uwake tena kesho.

Dada mtu akainuka, akaleta daftari la mama lenye jalada lililoshonwa kwa uzi. Mama anauza vitumbua, na yumo kwenye mchezo wa wanawake kumi. Kila mmoja hutoa 10,000 kwa wiki, na kila wiki mmoja wao hupokea 100,000. Mama aliomba zamu ya kumi. Wanaocheza upatu wataelewa kwa nini: anayepokea mwanzo amekopa, atalipa wiki tisa zilizobaki, anayepokea mwisho amejiwekea. Ila wa mwisho ndiye anayeumia wenzake wakiingia mitini, na kwa hiyo mama hucheza na wale anaowajua hadi kwao tu. Pembeni ya ukurasa aliandika kwa penseli: *bati, kabla ya masika*. Kama angetoa 50,000 ya harusi, wiki tatu za mchezo zingekosa pa kutokea.

Kaka mtu akanyamaza. Kwangu mimi, huo ndio uwekevu: fedha inabanwa kwa jambo lenye jina na tarehe. Bahili ukimuuliza anaweka ya nini, hana jibu.

Lakini kijana alikuwa na neno jingine, na hapo namuunga mkono. "Jino lake lina miezi miwili, dada. Anatafuna upande mmoja, anasukutua maji ya chumvi. Hilo nalo ni uwekevu?"

Dada mtu hakujibu upesi. Alifunua daftari tena, akatafuta ukurasa baada ya ukurasa. Kulikuwa na unga wa msiba, ada ya mjukuu, nauli ya shangazi. Jino halikuwamo.

Walichanga, wakampeleka kuling'oa. Jioni ile, pamba ikiwa bado mdomoni, mama aliomba penseli, akaandika: *Deni, watoto, jino.*

"Futa, mama," alisema kaka mtu.

Mama akatikisa kichwa, akafunga daftari.