Kila Mmoja Achangie kwa Kadiri ya Kipato Chake

Mume na mke wakikubaliana kuchangia gharama za nyumba nusu kwa nusu, hesabu huonekana ya haki hadi mwezi ufike katikati. Hapo mwenye kipato kidogo huanza kukopa nauli, huku mwenzake angali na akiba. Njia nyingine ni kila mmoja kutoa kulingana na anachopata.

Tuchukue wanandoa waliopanga nyumba Dar es Salaam. Mume ameajiriwa, na kila mwezi hupokea shilingi 1,200,000 mkononi. Mke ni fundi cherehani. Akishatoa gharama za vitambaa, uzi, umeme na pango la fremu, miezi mitatu iliyopita alibakiwa na 950,000, kisha 600,000, kisha 850,000. Wastani wake ni 800,000.

Wawili hao kwa pamoja wanaingiza 2,000,000. Sehemu ya mume ni asilimia 60, ya mke 40.

Matumizi yao ya pamoja ni 1,000,000: kodi 350,000, chakula 400,000, umeme, maji na gesi 100,000, na 150,000 za kuweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Wakigawana nusu kwa nusu, mke hutoa 500,000 na kubaki na 300,000, ilhali mume hubaki na 700,000. Wakifuata kipato, mume hutoa 600,000 na mke 400,000. Kila mmoja ametumia nusu ya mapato yake.

Ugomvi huzuka kwenye swali la kipato ni kipi. Kwa mfanyabiashara ni faida, si mauzo. Kwa fundi nguo, ambaye kazi humjaa kuelekea Idi na Krismasi, wastani wa mwaka mzima ni salama kuliko wa miezi mitatu. Kwa mwajiriwa, hati ya mshahara ndiyo ya kusomwa: kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii ni makato ya lazima, lakini marejesho ya mkopo aliochukua kununua pikipiki yake yarudishwe kwenye hesabu, la sivyo mwenzake atakuwa anamsaidia kulipa deni bila kujua.

Asilimia pia haioni saa za kupika na kulea. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wanandoa nao wanaweza kumpunguzia asilimia anayebeba kazi hizo.

Kipato kikibadilika, hesabu ipigwe upya. Mke akijifungua na faida yake ikashuka hadi 400,000, jumla inakuwa 1,600,000. Mume sasa atatoa asilimia 75, yaani 750,000, na mke 250,000.