Injini ya Koasta na daftari lake

Mama mmoja mwenye Koasta ya abiria aliniletea risiti za mwaka mzima ndani ya kasha la viatu. Nyingi zilikuwa na alama za vidole vyenye grisi. Kubwa kuliko zote ilikuwa na mstari mmoja tu, kwa mwandiko wa fundi: "Matengenezo injini, 14,900,000." Mpwa wake, aliyekuwa akimwandikia hesabu, aliiweka yote kwenye safu ya matengenezo, na mwaka ukafungwa kwa hasara.

"Mwanangu," akaniuliza, "gari limekwenda safari kila siku tangu lifungwe injini ile. Hiyo hasara imetoka wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki. Fedha inayotoka kwa ajili ya gari ina njia mbili vitabuni. Ikiwa manufaa yake yanaisha upesi, kama oili au pedi za breki, ni matumizi ya kawaida na inapunguza faida ya mwaka huohuo. Ikiwa itatumikia miaka kadhaa, ni matumizi ya mtaji: inaongezwa kwenye thamani ya gari, kisha inaliwa kidogo kidogo kila mwaka kama uchakavu. Fedha iliyotoka mfukoni ni ileile. Kinachobadilika ni mwaka upi unabeba mzigo.

Wengi huamua kwa ukubwa wa kiasi, na hapo ndipo wanapopotea. Oili ya mwaka mzima inaweza kufika mamilioni, lakini inabaki kuwa oili. Baada ya kilomita elfu kadhaa inamwagwa. Swali la zamani zaidi, ambalo mahakama zimelitumia kwa zaidi ya karne moja, ni hili: kazi iliyofanyika imekirudisha kitu pale kilipokuwa, au imekifikisha mahali ambapo hakijawahi kufika?

Mfano wake mzuri uko hapa Afrika. Kampuni ya Reli za Rhodesia iling'oa reli na mataruma yaliyochakaa kwenye maili 74 za njia yake iliyopita Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, ikaweka mapya. Mtoza kodi akasema maili 74 za reli mpya ni mtaji. Mwaka 1933 shauri lilifika kwa Baraza la Mfalme mjini London, mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, nalo likakataa hoja hiyo. Njia ilikuwa ileile, na kazi yote ilikuwa kuirudisha katika hali yake ya kawaida. Hayo yalikuwa matengenezo, ingawa gharama yake ilikuwa kubwa.

Lakini swali hilo lina mtego ndani yake: "kitu" chenyewe ni kipi? Mgodi mmoja wa makaa ya mawe Uingereza ulikuwa na bomba refu la moshi lililokuwa hatari, ukajenga jingine pembeni, bora kuliko la kwanza. Mwaka 1932 jaji akasema bomba ni kitu kizima chenye kusimama peke yake, hivyo jipya ni mtaji. Karibu miaka 20 baadaye, mwaka 1951, kiwanda kimoja cha Uskoti kikabadilisha bomba lake la moshi, na mahakama ikasema bomba ni sehemu tu ya kiwanda. Kulibadilisha ni kukitengeneza kiwanda. Ukiulizwa kama injini ni kitu au ni sehemu ya gari, una ubishi uleule mikononi.

Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 16 kimeupita ubishi huo kwa njia nyingine. Kinaliangalia gari kama mkusanyiko wa sehemu. Huduma za kila siku, pamoja na vipuri vidogo, zinaingia kwenye gharama za mwaka. Sehemu kubwa ikibadilishwa, na mpya ikitarajiwa kuleta manufaa kwa miaka ijayo, bei yake inaongezwa kwenye mali. Kuna sharti moja ambalo wengi hulisahau: sehemu ya zamani lazima itolewe vitabuni. Usipoitoa, Koasta yako itakuwa na injini mbili kwenye karatasi na moja barabarani.

Basi nikampigia simu fundi, kwa sababu neno "matengenezo" halinielezi chochote. Kufungua injini na kubadilisha gasketi ni jambo moja, kuitoa nzima ni jingine. "Niliitoa nzima, nikafunga nyingine ya saizi ileile," akasema. Nikamwomba anipe mchanganuo. Injini ilikuwa milioni 13.2, kuifunga laki 8, na laki 9 zilizobaki zilikuwa oili na pedi za breki, kwa kuwa gari lilikuwa tayari gereji. Ujira wa kufunga unafuatana na injini, kwani bila kufungwa haifanyi kazi. Kwa hiyo milioni 14 ni mtaji na laki 9 ni gharama za mwaka.

Gari lilinunuliwa mwanzoni mwa 2021 kwa milioni 64, likakadiriwa kutumika miaka 8, yaani uchakavu wa milioni 8 kwa mwaka. Injini ilibadilishwa mwanzoni mwa 2025, wakati thamani ya gari vitabuni ilikuwa milioni 32. Ndani ya hizo, injini ya zamani ilibeba kiasi gani? Hakuna risiti iliyoitenga. Kiwango kinaruhusu bei ya injini mpya itumike kama dokezo, nami nikakadiria kwamba ya zamani ilikuwa milioni 12 gari liliponunuliwa. Nusu ya umri ilikuwa imepita, zimebaki milioni 6. Hizo nikazitoa. Iliuzwa chuma chakavu kwa milioni 1.5, hivyo hasara yake ni milioni 4.5. Gari likawa 32 toa 6 ongeza 14, yaani milioni 40 kwa miaka minne iliyosalia: milioni 10 kwa mwaka.

Mwaka 2025 kwa hiyo unabeba milioni 15.4: uchakavu, hasara ya injini kuukuu, oili na breki. Kwa hesabu ya mpwa, hata baada ya kuondoa fedha ya chuma chakavu, ulibeba milioni 21.4. Tofauti ni milioni 6, nazo hazijayeyuka. Zinarudi kama milioni 2 za ziada za uchakavu katika kila mmoja wa miaka mitatu inayofuata.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu linapendeza macho. Mwaka 2002 kampuni ya simu ya Marekani, WorldCom, ilikiri kwamba zaidi ya dola bilioni 3.8 za gharama za kawaida zilikuwa zimeandikwa kama mtaji, na faida ikaonekana pale ambapo haikuwapo. Kwa biashara ndogo dalili yake ni rahisi kuiona: thamani ya mali inapanda vitabuni, lakini ukitembea uani hukuti kitu kipya.

Upande wa kodi ni habari nyingine. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004 imebaki na swali la zamani: matengenezo yanakatwa kwenye mapato ya mwaka, uboreshaji unaongezwa kwenye mali. Injini ya saizi ileile imelirudisha gari pale lilipokuwa, kwa hiyo mimi naiona ni matengenezo, na milioni 14 zote zinadaiwa mwaka huo. Angefunga kiyoyozi ambacho Koasta haikuwa nacho, hapo ni uboreshaji bila ubishi. Mama alishangaa kwamba injini moja ina majibu mawili, hadi nilipomwonyesha karatasi ya kodi inayoanza na faida ya vitabuni, ikarudisha uchakavu na hasara ya injini, kisha ikakata matengenezo.

Alipoelewa alichukua kalamu, akaandika namba ya fundi nyuma ya kifuniko cha kasha, na chini yake: "Aandike injini peke yake, kazi yake ya kufunga, na breki mbali."