Hati ya Uwakilishi Isiishie kwenye "Jambo Lolote"

Tuseme dada anayefanya kazi Maskati ana nyumba Mbezi, Dar es Salaam. Mdogo wake aliyebaki nyumbani ndiye anayekusanya kodi kwa wapangaji na kuwaita mafundi. Ili benki na ofisi za ardhi zimsikilize, dada anasaini hati ya uwakilishi, ile wengi wanayoiita pawa ofu atoni, mbele ya afisa wa ubalozi wa Tanzania. Nakala halisi inatumwa nyumbani, inalipiwa ushuru wa stempu, na ikiwa itatumika kuhamisha ardhi iliyosajiliwa, inapelekwa kwa Msajili wa Hati.

Balaa huanzia pale dada anapokubali kusaini sentensi kama "afanye jambo lolote kuhusu nyumba yangu". Kwa kawaida mahakama huyasoma madaraka haya kwa kuyabana: aliyepewa kusimamia hakupewa kuuza. Lakini sentensi pana kama hiyo inampa mtu mwenye tamaa karatasi ya kumwonyesha mnunuzi au mkopeshaji, na dada ndiye atakayegharamia kesi akiwa mbali.

Hati nzuri hutaja namba ya kiwanja na kitalu, muda wa juu wa mkataba wa mpangaji, akaunti ya kuingizia kodi, na tarehe ya kwisha. Halafu iseme waziwazi kwamba mwakilishi haruhusiwi kuuza, kuweka rehani wala kumkabidhi mwingine madaraka hayo. Siku dada akitaka kuuza, aandike hati nyingine ya mauzo hayo tu, yenye bei ya chini kabisa, na fedha ziingie kwenye akaunti yake. Kama ndiyo nyumba ya ndoa, ridhaa ya mumewe bado inahitajika kwa Sheria ya Ndoa ya 1971.

Hati miliki yenyewe asimwachie mwakilishi. Kwa hili mimi sina mjadala, hata awe ndugu wa tumbo moja. Mdogo mtu akianza kuidai bila sababu inayoeleweka, au majirani wakiona wageni wanakuja kupima eneo, dada amtume wakili afanye upekuzi ofisi ya ardhi. Rehani au uhamisho uliosajiliwa utaonekana hapo.

Kufuta uwakilishi kuna mtego wake. Chini ya Sheria ya Mikataba, kwa watu wengine ufutaji huanza kufanya kazi pale wanapoujua. Kwa hiyo ujumbe wa simu kwa mdogo mtu hautoshi. Dada aandike hati ya kufuta, aiwasilishe kwa Msajili kama ile ya kwanza ilisajiliwa, awaarifu benki na wapangaji kwa barua, na adai nakala zote zirudishwe.

Dada akifariki, uwakilishi unakwisha, na hapa hata ndugu waaminifu hukosea. Wanasema marehemu mwenyewe ndiye aliyempa mdogo wake madaraka, basi aendelee kusaini. Nyumba imeshakuwa mali ya mirathi. Anayeweza kuisainia sasa ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi anayekabidhiwa ile hati ya Maskati anapaswa kukataa kulipa.