Sifuri juu, sifuri chini

Picha imepigwa kwa simu: ukurasa wa daftari, mwandiko wa penseli, na swali la limiti x inapokaribia 0.

(1 − cos x)/(x + x²)

Ukiweka 0 mahali pa x, juu unapata 0, chini 0. Jibu bado halijulikani. Hapo ndipo inapoingia kanuni iliyochapishwa mwaka 1696 katika kitabu cha Mfaransa L'Hôpital, ingawa aliyeigundua ni mwalimu wake, Johann Bernoulli: tafuta derivativu ya juu peke yake na ya chini peke yake, kisha jaribu tena.

Mwanafunzi wa daftari hili alipata sin x/(1 + 2x). Akaendelea hadi cos x/2, akaandika 1/2.

Amekosea. Baada ya hatua ya kwanza, juu ni 0 lakini chini ni 1, kwa hiyo jibu ni 0. Kanuni hairuhusiwi isipokuwa pande zote mbili ziende sifuri, au zote zikue bila kikomo. Kikokotoo kinathibitisha: x ikiwa radiani 0.01, sehemu hiyo ni takriban 0.005, mbali sana na nusu.

Kurudia si kosa. Katika (x − sin x)/x³, hatua mbili za kwanza zinaleta (1 − cos x)/(3x²) na sin x/(6x), zote bado sifuri kwa sifuri. Ya tatu ni cos x/6, na jibu ni 1/6. Mwanafunzi angeandika “0/0” pembeni kabla ya kila hatua, angejua pa kusimama.