Nani Amlipa Mwandishi wa Habari za Gusii?

Sisi watu wa Pwani hatukawizi maziko. Mtu akifariki alfajiri, hata alasiri haijaisha tumekwisha mzika, na habari imefika kwa midomo ya watu na kwa kipaza sauti cha msikiti. Kwa ndugu zetu wa Kisii na Nyamira mambo ni mbali. Maiti huweza kukaa mochari juma zima au majuma mawili, jamaa walioko Nairobi na ng'ambo wangojewe, na mikutano ya mchango ifanywe. Siku zote hizo watu wataka kujua: mkutano ni wapi, mazishi ni lini, safari yaanzia mochari gani?

Kwa hiyo kurasa za tanzia zimekuwa fungu kubwa la mapato ya magazeti ya Nairobi kwa miaka mingi, na redio za lugha ya Ekegusii nazo zikasoma matangazo ya vifo kwa malipo. Wengi hatukutambua kwamba tangazo la marehemu lilikuwa likimlipia nauli mwandishi aliyekwenda kusikiliza madiwani wa Nyamira. Sasa jamaa hufungua kundi la WhatsApp, picha ya marehemu ikawekwa, michango ikapita kwa M-Pesa, na gazeti halikupata hata senti. Siwalaumu wafiwa. Nauliza tu: nauli ile italipwa na nani?

Jambo lenyewe si dogo. Mwezi wa Februari 2024 madiwani wa Kisii walipiga kura kumwondoa Naibu Gavana, Robert Monda. Katika mashtaka yake lilikuwamo dai kwamba alipokea shilingi 800,000 ili mtu apate kazi katika kampuni ya maji ya Gusii. Yeye alikana, lakini Machi Seneti ikamtia hatiani na akaondoka. Huko Nyamira, hoja za kumng'oa Gavana Amos Nyaribo zilishindwa kwa kukosa kura za kutosha, mwaka 2023 na tena 2024. Siku kama hizo kamera huja kutoka Nairobi zikajaa. Lakini kura ni mwisho wa habari. Mwanzo wake huwa katika vikao vya kamati visivyo na kamera, ambamo karani asoma orodha ya madawa yaliyolipiwa na hayakufika hospitalini.

Anayeketi katika vikao hivyo, mara nyingi, ni mwandishi wa kujitegemea, asiye na mshahara. Hulipwa kwa kila habari inayochapishwa. Isipochapishwa, nauli na siku nzima zimepotea. Sahibu yangu mmoja wa Kisii afanyaye kazi hiyo aliniambia: "Mzee, habari ya gavana amezindua daraja naiandika kwa nusu saa. Habari ya daraja lilikula pesa gani yanichukua majuma matatu. Malipo ni yale yale." Waama, hapo ndipo penye ugonjwa, na dawa zote tatu zinazotajwa yafaa zipimwe kwa maneno hayo.

Dawa ya kwanza ni tangazo, na huko Gusii mtangazaji mkubwa ni serikali yenyewe, ya kaunti na ya Nairobi: zabuni, nafasi za kazi, salamu za sikukuu. Mwaka 2015 serikali kuu ilikusanya matangazo yake chini ya wakala mmoja. Vyombo vikawa vyatangaza kwanza na kungoja malipo baadaye, hata deni likapita shilingi bilioni 1. Mwenye kudai deni hilo huwa mpole, maana akimchukiza mdaiwa hatalipwa. Kisha Machi 2024 ikatoka barua ya wizara kwamba matangazo ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Barua hiyo ilipingwa mahakamani, lakini tazama maana yake katika mji wa Kisii: Minto FM, ambayo ni ya KBC, ipate, na Egesa FM, ambayo ni ya kampuni ya Royal Media, ikose, ingawa zote mbili zasema Ekegusii kwa watu wale wale. Kalamu moja Nairobi yatosha kukausha kisima.

Msomaji aweza kuutambua upole huo bila ya kuambiwa. Hesabu sauti zilizomo katika habari ya kaunti. Ikiwa msemaji ni gavana tu na afisa wake wa mawasiliano, na ukurasa wa pili una tangazo la kaunti hiyo hiyo, basi shuku. Ikiwa mwandishi amenukuu ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ambayo yapatikana bure, kuna mtu amefanya kazi.

Dawa ya pili ni kumfungia msomaji mlango mpaka alipe. Nation ilianza kufanya hivyo katika mtandao wake Februari 2021. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mwandishi mmoja wa kudumu Nyamira, mshahara na safari, tuseme agharimu shilingi 60,000 kwa mwezi. Msomaji akilipa 150 kwa mwezi, wahitajika 400. Nusu ya pesa ikienda kwa wahariri, mitambo na ada za kulipia, basi 800. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 605,576 Nyamira, kwa hiyo waweza kusema ni rahisi mno. Si rahisi. Mji ambao watu wamezoea kumpa muuza magazeti sarafu wasome pale pale na kulirudisha, hautaona aibu mmoja kulipa na kuwapigia picha wenzake mia mbili kundini. Zaidi ya hayo, walipaji wengi wako Nairobi na watakalo ni siasa za Nairobi, na mhariri huona kwa macho yake habari ipi iliyofungua mkoba. Wakisii walioko Minnesota, ambao ni wengi, huenda wangelipia habari za kwao, lakini hapo gazeti litaandikwa kwa ajili ya walioondoka.

Dawa ya tatu ni pesa ya umma, nayo si ngeni. Shirika la Habari la Kenya, KNA, lina maafisa wake Kisii na Nyamira, wenye mshahara. Wizara ya Habari ilipata hata kuchapisha magazeti ya mashambani, Sauti ya Gusii kule, na kwetu Sauti ya Pwani. Afisa wa KNA hapotezi nauli yake habari isipochapishwa, na hilo ni jema. Lakini bosi wake ni wizara, kwa hiyo daraja lililozinduliwa atalieleza vizuri, lililoliwa atalipita.

Mimi nionavyo, pesa ya umma ndiyo iwezayo kumweka mtu katika kamati majuma matatu, ila itolewe kama tutoavyo wakfu. Mwenye kuweka nyumba wakfu huandika sharti zake mara moja, kisha mkono wake umetoka. Kodi yaenda palipoandikwa, hata akikasirika. Fungu la miaka mitano, litolewe mara moja, likae kwa wadhamini, na wizara isiwe na kitasa cha kulifunga katikati. Maduka na tanzia zilizosalia ziendeshe redio.

Nilipomweleza sahibu yangu alicheka. "Na huyo mutawali, mzee, atachaguliwa na nani?" Nikamwambia: madiwani wasimchague, wizara isimchague, achaguliwe na mahakimu, waalimu na waandishi wenyewe kwa zamu. Akasema huko kwao mahakimu nao wana jamaa. Tuliyaacha hapo, kwa kuwa alikuwa na matatu ya kuwahi, kamati ya afya yaanza saa nne.